Andalio la Somo la Dakika Kumi kwa Stadi ya Kuuliza Maswali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa wanachuo wa ualimu wanaojiandaa kwa ufundishaji mdogo, yaani lile zoezi ambalo mwanachuo hufundisha somo fupi mbele ya wenzake wachache, akitazamwa kwa stadi moja tu, kabla ya kupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Majibu yamejikita katika stadi ya kuuliza maswali, kwa sababu ndiyo inayochaguliwa na wengi na ndiyo inayoharibika kwa urahisi zaidi. Mfano unaotumika kuanzia mwanzo hadi mwisho ni wa Sayansi, Darasa la Tano, juu ya kukauka kwa maji.

Andalio hili linatofautianaje na andalio la kawaida la kipindi cha dakika arobaini?

Wengi hudhani tofauti ni urefu tu, kwa hiyo huchukua andalio la kipindi kizima, wakakata muda wa kila hatua, na kubakiza mambo yote yaleyale: utangulizi, maarifa mapya, kazi ya vikundi, tafakuri, tathmini na kazi ya nyumbani. Matokeo yake ni somo linalokimbia, ambalo mwalimu hana nafasi ya kusubiri jibu hata moja.

Tofauti ya kweli ipo katika kile kinachopimwa. Katika kipindi cha kawaida tunapima iwapo wanafunzi wamejifunza mada, ilhali katika ufundishaji mdogo tunapima iwapo mwalimu ametenda stadi fulani, na mada ni uwanja tu wa kuitendea. Ufundishaji huu ulianzishwa mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na Dwight Allen pamoja na wenzake, na wazo lao lilikuwa la kupunguza kila kitu kwa makusudi: wanafunzi wachache, muda mfupi, stadi moja, kisha mrejesho wa papo hapo na kurudia somo. Hivyo basi andalio lako linapaswa kuonesha mahali ambapo stadi itaonekana. Mtazamaji akilisoma kabla hujaanza, aweze kusema, “Hapa, kwenye dakika ya tano, nitegemee kumwona akidodosa.”

Stadi ni moja, lakini kuuliza maswali kuna mambo mengi ndani yake. Nifanye yote?

Hapana. Ndani ya kuuliza maswali kuna kulitunga swali lenyewe, kusubiri, kugawa maswali kwa wanafunzi wote, kudokeza pale mwanafunzi anapokwama, kudodosa pale jibu linapokuwa nusu, kuhamisha swali kwa mwingine, na kupokea majibu yenye makosa. Ni mengi mno kwa dakika kumi za mtu anayeanza. Chagua matatu, na uyataje katika andalio lako.

Kwa mara ya kwanza ninapendekeza kusubiri, kugawa na kudodosa, kwa sababu hayo matatu yanategemeana: usiposubiri, watakaojibu ni walewale wawili wenye mikono myepesi, na usipododosa, hutajua kama aliyejibu ameelewa au amebahatisha. Kudokeza na mengineyo yatajitokeza yenyewe darasani, na si vibaya kuyafanya, ila hayatahesabiwa.

Mada iwe na ukubwa gani?

Iwe dhana moja inayoweza kubebwa na swali moja kubwa. “Mzunguko wa maji” ni mada ya wiki. “Uvukizi” bado ni pana. “Maji yanapokauka yanakwenda wapi?” ndiyo saizi ya dakika kumi, na uzuri wake ni kwamba mada imeshakuwa swali kabla hata hujaanza kuandika.

Kipimo changu ni rahisi. Jaribu kuandika swali kuu la somo lako katika sentensi moja. Ikiwa jibu lake ni neno moja la kukariri, mada hiyo haifai kwa stadi hii, kwa kuwa hakuna cha kudodosa. “Mji mkuu wa Rwanda ni upi?” litajibiwa kwa neno moja na mazungumzo yataishia hapo. Ikiwa jibu linahitaji michoro mitatu na istilahi nane mpya, mada ni kubwa mno. Unachotafuta ni jambo ambalo kila mtoto ana maelezo yake tayari, na maelezo mengi kati ya hayo yana kasoro. Kila mtoto wa Darasa la Tano ameona nguo zikikauka kambani, na wengi watakuambia kwa ujasiri kwamba maji “yameliwa na jua”.

Lengo la somo liandikweje?

Andika malengo mawili na uyatenganishe kwa vichwa vyake. La kwanza ni la mwanafunzi, kwa mfano: “Kufikia mwisho wa somo, mwanafunzi aweze kueleza kwa sentensi moja kwamba maji yaliyokauka yamegeuka mvuke na kuingia hewani.” La pili ni la mwalimu, na hili ndilo linalosahaulika: “Mwalimu atauliza maswali makuu matano, baada ya kila swali atasubiri angalau sekunde tatu kabla ya kumtaja mwanafunzi, kila mmoja wa wanafunzi wanane atajibu angalau mara moja, na angalau majibu matatu yatafuatiwa na swali la kudodosa.”

Lengo la mwalimu halina budi kuhesabika. Ukiandika “mwalimu atauliza maswali vizuri na kwa ufasaha”, mtazamaji hatakuwa na la kuhesabu, na mrejesho utakuwa wa heri na pongezi. Ukiandika “sekunde tatu” na “wanafunzi wanane”, mtu mwenye saa na kalamu anaweza kukuambia kama umefika au hukufika.

Dakika kumi zigawanyweje?

Anza kwa kuhesabu gharama ya swali moja. Kuliuliza huchukua sekunde tano hadi kumi, kusubiri tatu hadi tano, jibu la kwanza kama kumi, dodoso lenye jibu lake ishirini, na mwanafunzi wa pili kuongeza au kupinga ishirini nyingine. Karibu dakika nzima imekwisha kwa swali moja lililoulizwa ipasavyo. Ndiyo maana maswali makuu matano yanatosha, na ndiyo maana ninapoona andalio lenye maswali kumi na tano ninajua, kabla mwanachuo hajasimama, kwamba hatasubiri hata mara moja.

Katika mfano wetu, swali la kwanza limepewa dakika moja, la pili na la tatu pamoja dakika mbili, kutazama jaribio dakika moja, swali la nne dakika tatu, la tano dakika moja na nusu, na kuandika sentensi ya mwisho dakika moja. Jumla ni dakika tisa na nusu. Nusu dakika iliyobaki haina kazi iliyopangwa, na iachwe hivyo. Angalia pia kwamba mgawanyo hauko sawa: swali la nne limechukua karibu theluthi moja ya somo, kwa sababu ndilo lililobeba dhana, na humo ndimo stadi itaonekana au itakosekana.

Je, ni lazima niandike maswali neno kwa neno? Mkufunzi mwingine alisema hilo huua uhai wa somo.

Kwa kipindi cha kawaida mnaweza kubishana. Kwa zoezi hili, andika neno kwa neno. Katika safu ya shughuli za mwalimu huwa nakuta sentensi kama “Mwalimu atawauliza wanafunzi maswali kuhusu uvukizi.” Hiyo ni ahadi tu. Mwanachuo aliyeandika hivyo akifika mbele ya wenzake, moyo unadunda, hutunga swali papo kwa papo, na swali linalotungwa kwa hofu hutoka na kasoro zilezile kila mara.

Ya kwanza ni swali la kumalizia neno: “Maji yakipata joto yanageuka kuwa mvu…?” na darasa zima linaitikia “…ke!” Sote tulifundishwa hivyo, na mdomo wetu unalikimbilia bila kuagizwa. Ukiitikiwa kwa sauti moja unahisi somo limechangamka, kumbe umepima usikivu wa masikio tu. Ya pili ni maswali mawili ndani ya moja: “Alama ipi itakauka kwanza na kwa nini, au mnaonaje?” Mwanafunzi hajui ajibu lipi, kwa hiyo hujibu lililo jepesi. Ya tatu ni swali linalobeba jibu lake: “Si kweli kwamba upepo unasaidia kukausha?” Ya nne ni “Tumeelewana?”, ambayo jibu lake tangu shule zianze ni “Ndiyo, mwalimu.”

Kasoro hizi zinaonekana kwa urahisi zikiwa kwenye karatasi, na zinapita bila kuonekana zikiwa hewani. Ukiandika swali, lisome kwa sauti. Kama unaweza kulijibu kwa “ndiyo”, kwa “hapana” au kwa kumalizia silabi, liandike upya.

Zaidi ya swali lenyewe, niandike nini kando yake?

Andika vitu vitatu: jibu unalolitarajia, jibu lenye makosa linaloelekea kutolewa, na hatua utakayochukua ukipata hilo la makosa. Kudodosa vizuri kunategemea hilo la pili. Mwalimu mzoefu anaonekana kama ana kipaji cha kuibua dodoso papo hapo, lakini mara nyingi ameshasikia jibu hilo miaka mingi na dodoso lake analo mfukoni. Wewe hujalisikia bado, kwa hiyo likae kwenye karatasi.

Naomba kuona andalio lililokamilika.

Somo ni Sayansi, Darasa la Tano. Wanafunzi ni wanane, nao ni wanachuo wenzako, kila mmoja akiwa amebandikwa namba kifuani. Stadi ni kuuliza maswali: kusubiri, kugawa, kudodosa. Zana ni ubao mweusi, kitambaa chenye unyevu kilichokamuliwa vizuri, na jalada gumu la daftari.

Katika dakika ya kwanza mwalimu anauliza swali la kwanza: “Nyumbani kwenu, mkishafua nguo mnazianika wapi?” Ni swali la kufungulia mdomo, kila mtu analo jibu. Mwalimu anachukua majibu ya watatu, kwa makusudi akianza na walioketi pembeni, na hadodosi.

Kisha anapitisha kitambaa ubaoni mara mbili, akiacha alama mbili za unyevu zenye ukubwa wa daftari, na kuziita A na B. Anasema kwamba mmoja wao atapepea alama A kwa jalada, na B itaachwa. Swali la pili: “Andika herufi moja: alama ipi itakauka kwanza?” Kila mmoja anaandika kabla ya mtu yeyote kusema. Namba 6 anaitwa kupepea, na huku akipepea mwalimu anauliza swali la tatu: “Kwa nini umechagua herufi hiyo?” Anasubiri, anamtaja mmoja aliyeandika A, na kama yupo, mmoja aliyeandika B. Jibu linalotarajiwa ni “kwa sababu ya upepo”, na dodoso lake limeandikwa: “Upepo unayafanya nini maji?” Halihitaji kujibiwa kikamilifu hapa, linaachwa likining’inia.

Dakika moja inatumika kutazama. Alama A inafifia kuanzia kingoni na kutoweka, B ikiwa bado inaonekana.

Sasa ndilo swali la nne: “Maji yaliyokuwa hapa kwenye A yamekwenda wapi?” Andalio linaorodhesha majibu matatu yenye makosa na hatua ya kila moja. Akisema “yamekauka”, huyo ametaja tukio bila kulieleza, na dodoso ni: “Yalipokauka, yalibaki mahali fulani au yaliacha kabisa kuwepo?” Akisema “yameingia ndani ya ubao”, usiseme “hapana”. Uliza: “Kama ubao ndio ulioyanywa, kwa nini kupepea kumeiharakisha A, wakati B iko kwenye ubao huohuo?” Akisema “yameliwa na jua”, uliza: “Humu ndani jua liko wapi?” Jibu linalotarajiwa ni kwamba maji yamegeuka mvuke na kwenda hewani. Atakayelisema aulizwe: “Mbona hatukuuona mvuke huo?” Kwa sababu wengi wanajua mvuke wa chai tu, na wanaamini lazima maji yachemke kwanza.

Swali la tano ni la kutumia walichojifunza katika hali mpya: “Wiki nzima mvua ilinyesha, jua halikutoka, mama akaanika nguo ndani ya nyumba. Baada ya siku mbili zilikuwa zimekauka. Zilikaukaje?” Mwisho, kila mmoja anaandika sentensi moja inayoanza na “Maji yaliyokauka…”, na mwalimu anapita kuzisoma. Hasomi kwa sauti wala hasahihishi, anakusanya.

Tahadhari moja kuhusu zana: lijaribu jaribio hili siku hiyohiyo, kwenye ubao uleule. Kitambaa kikiwa na maji mengi, matone yatachuruzika na A haitakauka ndani ya muda. Msimu wa mvua za masika, hasa pwani, hewa huwa na unyevu mwingi kiasi kwamba kukauka kunachelewa sana. Ubao mweupe wa kalamu nao haufai, maana maji hujikusanya matone badala ya kutandaa.

Sekunde tatu ni kidogo. Kwa nini zisisitizwe hivyo?

Kwa sababu walimu wengi hawafiki hata hapo. Mtafiti Mary Budd Rowe, aliyesikiliza rekodi za masomo ya sayansi nchini Marekani, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba kwa wastani walimu walisubiri takribani sekunde moja tu kabla ya kurudia swali, kulijibu wenyewe au kumhamia mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na waliokaa kimya bila jibu walipungua.

Lililo muhimu katika kazi yake, na ambalo maandalio mengi hayalitaji, ni kwamba kuna kusubiri kwa aina mbili: baada ya swali, na baada ya jibu. Hilo la pili ni gumu zaidi. Mwanafunzi akisema “yamekwenda hewani”, ulimi wa mwalimu unawasha kusema “Vizuri sana!” Ukikaa kimya sekunde tatu, mara nyingi mwanafunzi huyo huyo ataongeza, “…yamekuwa kama mvuke.” Hukumdodosa, ukimya wako umemdodosa.

Sekunde tatu ukiwa mbele ya watu ni ndefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi. Usizikadirie kwa hisia. Andika kando ya swali la nne, kwa kalamu nyekundu, “hesabu vidole vitatu”, na ukunje vidole vyako vitatu polepole nyuma ya mgongo.

Nimtaje mwanafunzi kwanza ndipo niulize, au niulize kwanza?

Uliza, subiri, kisha taja. Ukisema “Namba 3, maji yamekwenda wapi?”, wanafunzi saba wamepumzika kabla hujamaliza sentensi. Nimekaa nyuma ya wanachuo wengi wanaolijua hili vizuri kwenye mtihani wa maandishi na kulisahau wakisimama, kwa hiyo katika andalio panga maneno kwa mfuatano huohuo: swali, kisha neno “subiri”, kisha namba. Namba unaweza kuzipangia mapema kwa penseli, ili mwisho wa somo usikute namba 7 na 8 hawajafungua mdomo.

Kunyoosha mikono kusiwe mlango pekee wa kujibu. Swali la pili la mfano wetu linaandikwa na wote kwanza ili hata asiyenyoosha mkono awe na kitu cha kusoma anapotajwa.

Swali likikutana na kimya kabisa nifanyeje?

Kwanza hakikisha ni kimya cha kutojua, si cha kufikiri. Hesabu hadi tano. Kikiendelea, rudia swali mara moja kwa maneno yaleyale. Ukibadilisha maneno, waliokuwa wanakaribia jibu wanaanza upya. Kikiendelea tena, shuka ngazi moja kwa swali dogo lililokwisha kuandikwa, kwa mfano: “Angalieni B. Maji yapo au hayapo? Na A je?” Kisha panda tena kwenye swali kuu. Kujijibu mwenyewe ndiko kusikoruhusiwa katika zoezi hili, hata muda ukiisha. Somo lililokatika kwenye swali la nne likiwa limeulizwa vizuri lina alama zaidi kwangu kuliko somo lililofika mwisho kwa mwalimu kujibu.

Wenzangu ni watu wazima na wanajua uvukizi. Nitadodosa nini?

Hili ni lalamiko la haki. Wenzako wakijibu kama walivyo, swali la nne litajibiwa kwa sentensi moja sahihi, na stadi haitapata mahali pa kuonekana. Wakiigiza utoto kupita kiasi, wakichekacheka na kuomba ruhusa ya kwenda msalani, ni hasara vilevile.

Njia iliyonifaa ni vijikaratasi. Kabla ya somo, mtazamaji, na si wewe, anawagawia wanafunzi watatu au wanne vijikaratasi vyenye wazo moja la kushikilia: “Wewe unaamini maji yameingia kwenye ubao”, “Wewe unaamini bila jua hakuna kukauka”, “Wewe unajua jibu lakini hujibu mpaka utajwe.” Mwenye kijikaratasi anashikilia wazo lake mpaka aulizwe swali ambalo kweli lingemfanya mtoto abadilike. Hujui nani ana nini, na hapo ndipo maandalizi yako ya majibu yenye makosa yanapopimwa.

Mtazamaji aandike nini, na aandike wapi?

Mpe karatasi moja yenye mchoro wa viti vinane. Kila mwanafunzi anapojibu, anatia mstari kwenye kiti chake. Jibu likifuatiwa na dodoso, anatia nukta juu ya mstari. Majibu ya pamoja, yale ya kuitikia kama kwaya, yanatiwa duara pembeni. Mtazamaji wa pili anashika saa na kuandika sekunde za kusubiri baada ya kila swali kuu, basi. Akiombwa kuangalia pia sauti, mwandiko na mavazi, hatapata namba ya kuaminika hata moja. Simu iliyosimamishwa nyuma ya darasa inasaidia, mradi wote walioko wameridhia kurekodiwa, kwa sababu mwalimu mwenyewe huwa haamini namba zake mpaka asikie.

Kwenye somo la marudio nibadilishe nini katika andalio?

Badilisha kile tu ambacho namba zimekionesha, na mada ibaki ileile ila kundi la wanafunzi liwe jingine. Wanaotumia mzunguko unaofundishwa India, uliowekwa na baraza lao la taifa la utafiti na mafunzo ya elimu, hutoa dakika sita za kufundisha, sita za mrejesho, kumi na mbili za kupanga upya, sita za kurudia na sita za mrejesho wa pili, jumla thelathini na sita. Sisi tukiwa na dakika kumi za somo tunahitaji zaidi, lakini uwiano una mantiki: kupanga upya kumepewa muda mara mbili ya kufundisha.

Chukua hali hii, ambayo nimeiona kwa sura nyingi. Karatasi ya viti inaonesha namba 2 na 4 wamejibu mara tisa kati ya kumi na tatu, namba 7 na 8 hawakujibu kabisa, na duara za kwaya ni nne. Saa inaonesha kusubiri kwa sekunde 4, 3, 1, 1, 1. Mwanachuo atasema, “Nitajitahidi kugawa maswali.” Hilo lisiandikwe. Tazama sekunde: kusubiri kulivunjika kuanzia swali la tatu, yaani pale alipoanza kuhofia muda, na hapo ndipo namba 2 na 4 walipoanza kulitawala somo. Kwa hiyo badiliko liko kwenye muda. Alitumia dakika mbili na nusu kwenye swali la kwanza kwa kuwasikiliza wote wanane wakieleza kamba zao za nguo. Andalio jipya linasema: swali la kwanza, wanafunzi watatu tu, namba 7, 8 na 1, kisha chukua kitambaa. Swali la nne limehamishiwa juu ya ukurasa mpya ili asiligeukie kwa haraka, na kando yake pameandikwa “vidole vitatu” mara mbili, kabla ya jibu na baada ya jibu. Duara za kwaya zilitoka kwenye maneno “Kwa hiyo maji yamegeuka kuwa…”, ambayo hayakuwamo kwenye andalio. Mwalimu aliyaongeza kila alipotaka kufunga swali. Mahali pale pameandikwa sentensi ya kufungia: “Namba 5, rudia kwa maneno yako alichosema mwenzako.”

Shule za sekondari zinatumia Kiingereza. Niandike maswali kwa lugha gani?

Kwa Tanzania, kama somo lako la mazoezi ni la sekondari na linafundishwa kwa Kiingereza, andika maswali kwa Kiingereza, na ongeza muda wa kusubiri hadi sekunde tano au sita, kwa sababu mwanafunzi anafikiri jibu na kulitafutia maneno kwa wakati mmoja. Madodoso ndiyo yanayoteseka zaidi, kwani mwalimu naye hukosa maneno ya haraka. Kwa hiyo yaandike yote. Kwa shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili, mfano uliopo hapa unaweza kutumika kama ulivyo.

Andalio lote liwe na kurasa ngapi?

Moja ya mbele na nyuma, iliyoandikwa kwa mkono unaosomeka ukiwa umesimama. Mbele yakae malengo mawili, mgawanyo wa muda na maswali ya kwanza matatu. Nyuma yakae swali la nne na la tano pamoja na majibu yake ya makosa. Geuza karatasi wakati namba 6 anapepea ubao, maana macho yote wakati huo yapo kwenye alama A.